Herme, Mungu wa Njia na wa Wafu

Katika eneo la Koropi, kusini-mashariki mwa Athene, kilipatikana kipande cha nguzo ya mawe chenye maandishi ya Kigiriki cha zamani. Maandishi yake yanamwarifu mpita njia kwamba Herme huyu amesimama katikati ya safari, baina ya mji na kitongoji cha Kefale. Aliyeagiza nguzo za namna hiyo ni Hiparko, mwana wa Pisistrato mtawala wa Athene. Kabla hajauawa mwaka 514 K.K., alizisimika katika barabara zilizotoka mjini kwenda vitongojini, kila moja nusu ya njia. Upande mmoja uliandikwa mahali msafiri alipofika, na upande wa pili wasia mfupi: mmoja ulimkumbusha awaze haki anapotembea, mwingine ukamkataza kumhadaa rafiki. Mkulima aliyekuwa na punda wake na mzigo wa zeituni alijua hapo kwamba nusu ya mwendo imekwisha, na akaondoka na neno la kutafakari njiani.

Kwa nini nguzo ya barabarani ipewe sura ya mungu huyu na si mwingine? Jibu lake lazima lianzie mbali kuliko Hiparko. Jina la Herme limo katika vibao vya udongo vya jumba la kifalme la Pilo, lililoteketea kwa moto yapata mwaka 1200 K.K. Shairi la Odisei nalo linataja kilima cha Herme juu ya mji wa Ithaka. Njiani Wagiriki walikuwa na desturi ya kurundika mawe. Kila apitaye huongeza jiwe lake, na rundo hilo huwa la Herme. Wao wenyewe walieleza asili yake kwa kisa. Herme alimuua Argo, mlinzi mwenye macho mengi, kwa amri ya Zeu, na miungu ikamshtaki kwa kumwaga damu. Wakati wa hukumu kila mungu alipiga kura kwa kutupa kokoto miguuni pa mshtakiwa, hata akazungukwa na rundo la mawe. Kisa hiki kinatuonyesha walivyoliona rundo lile: mahali ambapo wengi wamepita na kila mmoja ameacha alama yake.

Rundo likawa nguzo. Nguzo ya Herme ilikuwa jiwe la pembe nne, juu yake kichwa cha mwanamume mwenye ndevu, mbele yake uume uliosimama, na mabegani vishina viwili vya kutundikia mashada ya maua. Mikono wala miguu haikuwapo. Mungu mwenye mbio kuliko wote, mwenye viatu vya mabawa, barabarani alichongwa bila miguu, kwa kuwa hapo kazi yake ilikuwa kukaa na kulinda. Nguzo hizo zilisimama kwenye mipaka ya mashamba, kwenye malango ya nyumba, na kwenye njia panda. Athene ilikuwa na Herme mwenye vichwa vitatu, aliyetazama njia tatu kwa wakati mmoja.

Njia panda ndipo msafiri anapolazimika kuamua bila kuona mwisho wa njia yoyote, na kwa Wagiriki hofu ya mahali hapo haikuwa ya kupotea tu. Mwezi ulipoandama waliacha hapo chakula cha Hekate, mungu wa kike aliyetembea usiku pamoja na roho za waliokufa kabla ya wakati wao. Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle, anatuchorea mtu mshirikina: akifika njia panda hutoa kichupa chake, huyamiminia mafuta yale mawe laini ya pale, hupiga magoti, husujudu, ndipo akaendelea na safari. Wayoruba wa Nigeria hummiminia Eshu mafuta ya mawese juu ya jiwe lake jekundu, naye pia ni mjumbe wa miungu na mwenye njia panda. Hakuna ushahidi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Na msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuonywa asiguse chungu kilichoachwa njia panda hahitaji Theofrasto amweleze kwa nini magoti ya mtu yule yalilegea.

Mungu aliyekabidhiwa mahali pa kuvukia alikabidhiwa pia kivuko kigumu kuliko vyote. Miungu ya Olimpo ilikaa juu, Hade na watu wake walikaa chini, na pande hizo mbili hazikuchanganyika. Herme alipita pote. Alikuwa na fimbo ya mjumbe, ile ambayo kwa Wagiriki ilimpa mwenye kuishika haki ya kuvuka hata katikati ya vita bila kudhuriwa. Katika sehemu ya mwisho ya Odisei anaziongoza roho za wanaume waliouawa na Odiseo, nazo zinamfuata zikilia kama popo pangoni.

Wachoraji wa Athene wa karne ya 5 K.K. walimwona mpole zaidi. Familia ziliweka makaburini chupa nyembamba za mafuta zilizopakwa rangi nyeupe, na moja yazo, kazi ya mchoraji anayeitwa na wataalamu Mchoraji wa Fiale, imo katika makumbusho ya Munich. Mwanamke amesimama, mikono kichwani, anajivika taji lake kama bibi harusi anayemalizia kujipamba. Herme ameketi mwambani, fimbo mkononi, amegeuka kumtazama na kumnyoshea mkono. Anamngoja amalize. Sijaona mchoro mwingine wa kifo wenye subira kama hii, na naamini aliyeununua kwa ajili ya binti au mke wake alifarijika kujua kwamba hatasukumwa.

Haya yote, barabara na wafu pamoja, yanaeleza kwa nini Athene ilitetemeka mwaka 415 K.K. Merikebu za vita zilikuwa zikiandaliwa kwenda Sisilia, jeshi la gharama na fahari kuliko lolote mji ule ulilowahi kulituma ng'ambo. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta nguzo nyingi za Herme zimevunjwa nyuso kwa usiku mmoja. Thukidide, aliyeishi wakati huo, anasema Waathene waliliona jambo hilo kuwa ishara mbaya kwa safari, na pia dalili ya njama ya kupindua utawala wa wananchi. Mlinzi wa njia amepigwa usoni, na maelfu ya vijana wako karibu kuondoka. Zawadi zilitangazwa kwa mwenye habari, na mji ukajaa wachongezi.

Mmoja wao, Dioklide, alidai kwamba aliamka usiku mno kwenda machimbo ya Laurio kudai ujira wa mtumwa wake, na kwa mwanga wa mwezi mpevu akaona watu wapatao 300 karibu na ukumbi wa michezo wa Dioniso, wamesimama makundi makundi. Akajificha nyuma ya nguzo akazitambua nyuso zao. Alitaja majina 42, watu wakakamatwa, naye akavikwa shada kama mwokozi wa mji. Miongoni mwa waliofungwa alikuwa Andokide, ambaye nguzo iliyokuwa jirani na nyumba ya ukoo wao ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki nzima, jambo lililomletea shaka. Gerezani binamu yake alimsihi aseme anachokijua awaokoe jamaa zake, naye akawataja wengine. Dioklide akakiri kwamba alidanganya, akauawa. Plutarko, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema shahidi mmoja aliyedai kuzitambua nyuso kwa mbalamwezi alinaswa kwa sababu usiku ule mwezi ulikuwa haujaonekana kabisa. Merikebu ziliondoka hivyo hivyo. Mwaka 413 jeshi lote liliangamia Sisilia, na kwa wengi ile asubuhi ya nyuso zilizovunjwa ikapata maana yake.

Pia kulikuwa na waliomtumia Herme kama tarishi, wakampa barua za kupeleka chini. Waliandika kwenye bamba jembamba la risasi, madini laini, mazito na baridi, wakalikunja, wakalitoboa kwa msumari, wakalitia kaburini. Kaburi la aliyekufa kijana ndilo lililopendwa, maana iliaminika roho yake bado haijatulia na inaweza kutumwa. Kaburi moja la namna hiyo lilifukuliwa mwaka 2003 karibu na bandari ya Pireo, nalo lilikuwa na majivu ya mwanamke kijana. Ndani yake yalikuwamo mabamba matano ya mwanzoni mwa karne ya 4 K.K., manne yana maandishi na moja ni tupu. Aliyeyalipia alikuwa na ugomvi na wenye vilabu vya mvinyo, miongoni mwao mume na mke, Demetrio na Fanagora. Anawaomba Hekate, Artemi na Herme, wote kwa sifa yao ya kuzimuni, wawachukie watu hao pamoja na kilabu chao na mali yao. Mwandiko ni wa mtu mwenye ustadi, kwa hiyo huenda aliajiriwa kwa kazi hiyo. Yule kijana aliyezikwa hakuwa na kesi na Demetrio wala Fanagora. Alikuwa amekufa kijana, na hilo lilitosha kumfanya mpeleka barua.

Wasomaji wa Biblia wanamjua Herme kutoka Listra, ambako wenyeji walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme kwa kuwa ndiye aliyekuwa akisema. Ilikuwa karne ya 1 B.K., na kwa watu wale msemaji wa mungu alikuwa bado na jina lile lile. Karne iliyofuata msafiri Pausania alifika Farai, mji mdogo wa Akaya, akakuta katikati ya soko nguzo ya Herme mwenye ndevu, na mbele yake meko ya mawe yenye taa za shaba zilizogandishwa kwa risasi.

Mwenye swali alikuja jioni. Alifukiza uvumba kwenye meko, akajaza taa mafuta na kuziwasha, akaweka sarafu ya shaba ya mji ule juu ya madhabahu, upande wa kulia wa sanamu. Kisha akamsogelea mungu na kumnong'oneza swali lake sikioni. Baada ya hapo aliziba masikio kwa viganja, akavuka soko akiwa ameyaziba, na alipotoka nje ya mipaka yake akaondoa mikono. Neno la kwanza alilolisikia, la yeyote yule, ndilo jibu.

Hapakuwa na kuhani wa kufasiri. Mtu aliyekuwa akimwita mbuzi wake au akigombana juu ya bei alikuwa amebeba ujumbe wa mungu bila kujua, na mwenye swali alirudi nyumbani na maneno hayo kuyapima mwenyewe. Pausania, aliyekuwa ameona mengi, anaongeza tu kwamba Wamisri walikuwa na utaratibu kama huo kwenye hekalu la Api.