Utambuzi wa kifua kikuu kwa watoto wadogo

Utambuzi wa kifua kikuu kwa mtoto asiyeweza kutoa makohozi, kwa kawaida aliye chini ya miaka 5, hutegemea ushahidi unaounganishwa, kwa kuwa mtoto huyo huyameza makohozi yake, na hata kipimo cha kinyesi kinachotafuta vinasaba vya bakteria, kikiwa hasi, hakiondoi ugonjwa. Swali la kwanza huhusu mgusano, yaani kuishi karibu na mgonjwa. Anayeuliza hana budi kutaja pia msichana wa kazi, mpangaji na bibi mwenye kikohozi cha muda mrefu, maana wazazi wengi huwafikiria ndugu wa damu tu.

Kwa mfano, mtoto wa miezi 18 aliyekohoa wiki 3, ambaye mjomba anayelala naye chumba kimoja alianza dawa za kifua kikuu miezi 4 iliyopita, huonekana katika kadi ya kliniki akiwa na kilo 9.2 miezi 6 nyuma, kisha 9.0, na sasa 8.8. Mstari huo unaoshuka una uzito zaidi kuliko kipimo kimoja, ingawa njaa na virusi vya UKIMWI huushusha vilevile.

Katika picha ya eksirei hutafutwa tezi za limfu zilizovimba penye shina la pafu, ambazo picha ya ubavuni huzionyesha vizuri zaidi. Mtoto akijipinda, kivuli cha moyo huweza kudhaniwa tezi; na picha safi haizuii kuanza matibabu iwapo ushahidi mwingine unatosha.