Stesheni ya mwisho na stesheni ya kupita: jinsi ya kujua treni yako inasimama upande gani

Kwa mkazi wa Chamazi anayesafiri kwa treni ya SGR, safari ina vituo vya aina mbili, na kila kimoja kina namna yake ya kumchanganya mgeni. Kuna kituo ambako reli inaishia, kama Stesheni ya Dar es Salaam. Halafu kuna kituo ambako treni inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, kama Pugu au Morogoro. Watu wengi hupanda treni isiyo yao kwenye hii aina ya pili.

Kabla ya yote, abiria ahakikishe anakwenda stesheni gani. Dar es Salaam ina reli tatu tofauti. SGR inaanzia katikati ya jiji, jirani kabisa na stesheni ya reli ya zamani, ile wanayoiita reli ya kati. TAZARA, inayokwenda Mbeya hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina stesheni yake kule Barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela. Ukimwambia bodaboda wa Mbagala "nipeleke stesheni" bila kutaja reli, unaweza kushushwa kwenye jengo zuri tu ambalo treni yako haifiki. Mwambie "stesheni ya SGR", mmalizane.

Kituo cha mwisho: mwelekeo hausaidii

Chukulia abiria wa Chamazi ana tiketi ya kwenda Morogoro, imeandikwa 14:10. Amepanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, akaingia mjini kwa Kilwa Road, mzigo wake umepita kwenye mashine ya ukaguzi na kitambulisho chake kimeangaliwa. Sasa amekaa ukumbini, na hapo nje treni mbili zimesimama.

Kwa kuwa reli inaishia hapo, treni zote zinaondoka kuelekea upande mmoja. Kuuliza "inayokwenda bara ni ipi?" hakuna maana, kwa sababu zote zinakwenda bara. Moja inaweza kuishia Morogoro, nyingine ikaendelea hadi Dodoma. Nyingine ni ya haraka na inaruka vituo vidogo. Kinachozitenganisha ni namba ya treni na saa ya kuondoka, na vyote viwili vipo kwenye tiketi.

Basi kwenye skrini atafute kwanza saa, 14:10. Akiipata, asome mstari huo huo hadi mwisho: treni namba ngapi, inaishia wapi, jukwaa namba ngapi (au platfomu, kama wengi wanavyosema). Akianza na jina la mji anaweza kukuta "Dodoma" mara mbili au tatu na "Morogoro" mara moja, kumbe ya kwake ndiyo hiyo ya Dodoma inayosimama Morogoro njiani. Jina linaloandikwa kwa herufi kubwa ni la kituo cha mwisho cha treni. Kituo cha abiria kinaweza kisionekane kabisa.

Uzuri wa kituo cha mwisho ni kwamba kina nafasi ya kukosea na kurekebisha. Treni haipiti, imesimama inasubiri watu. Ukikuta umeingia behewa la treni nyingine, unashuka, unamuuliza mhudumu, unarudi. Bado dakika zipo.

Saa ya tiketi na saa ya tangazo

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapoleta mtego. Tiketi na skrini vinatumia saa 24, lakini mtu akitangaza kwa Kiswahili atasema saa za Kiswahili. 14:10 inakuwa "saa nane na dakika kumi mchana". Anayesikia "saa nane" akakimbilia kutafuta 08:00 kwenye skrini haoni kitu, au anaona treni iliyoondoka tangu asubuhi na kuanza kulia kwamba ameachwa.

Hesabu yake ni rahisi: toa 6 kwenye saa ya tiketi. 14 toa 6 ni 8, saa nane mchana. 09:30 inakuwa saa tatu na nusu asubuhi. Jibu likizidi 12, toa tena 12: 20:00 toa 6 ni 14, toa 12 ni 2, saa mbili usiku. Na 06:00 ikibaki sifuri, hiyo ni saa kumi na mbili kamili alfajiri. Abiria mzoefu huiandika kabisa saa ya Kiswahili kwenye simu yake siku anayokata tiketi, asihangaike kupiga hesabu huku kabeba mtoto.

Kituo cha kupita: hapa mwelekeo ndiyo kila kitu

Sasa abiria huyo huyo anarudi. Yuko Stesheni ya Morogoro, eneo la Kihonda, anataka kwenda Dar. Mambo yamegeuka. Treni ya kutoka Dodoma kwenda Dar inapita hapa, na ya kutoka Dar kwenda Dodoma nayo inapita hapa. Zinaweza kuwepo kwa wakati mmoja.

Tena si bahati mbaya zikikutana. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro reli kuu ni njia moja, kilomita 205, pamoja na kilomita 95 za njia za pembeni na za kupishania. Treni mbili zinazokuja kukutana haziwezi kupishana porini, lazima moja isubiri penye njia ya pili, na mara nyingi hapo ni stesheni. Ndiyo maana abiria asikariri kwamba "ya Dar huwa upande ule". Barabarani magari yanakaa kushoto siku zote, lakini kwenye njia moja anayeongoza treni ndiye anayepanga leo ipi iingie wapi. Jukwaa la juzi si ushahidi wa leo.

Tangazo nalo lisikilizwe hadi mwisho. Mtu akisema "treni ya Dodoma", kwa Kiswahili hiyo inaweza kuwa inayotoka Dodoma au inayokwenda Dodoma. Tangazo kamili huwa na maneno mawili ya kukamata, *kutoka* na *kwenda*. "Treni kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam" ni ya kwako. Ukisikia Dodoma tu ukakurupuka, una nusu kwa nusu ya kukosea. Angalia pia *inawasili* na *inaondoka*. Kuna treni zinazoishia Morogoro, zinawasili kushusha watu tu, kisha zinajiandaa kurudi zilikotoka. Yaani kituo cha kupita kinaweza kuwa cha mwisho kwa treni fulani, kwa hiyo kuona treni imesimama hakukwambii inaelekea wapi.

Je, kuitazama treni yenyewe kunasaidia? Inategemea. Treni inayovutwa na kichwa inajulikana: kichwa kilipo ndiko inakoelekea. Lakini ile maarufu kama Mchongoko imechongoka mbele na nyuma, ina chumba cha dereva pande zote mbili, na haihitaji kugeuzwa. Kwa hiyo pua yake isikudanganye. Soma maandishi, au muulize mhudumu aliye mlangoni swali lenye jina la unakokwenda: "Hii inakwenda Dar?" Usimuulize "hii ndiyo yenyewe?" Atajibu ndiyo, kwa sababu kwake ni yenyewe.

Na muda wa kufikiri ni mdogo. Kituo cha kupita treni inasimama dakika chache tu, haikusubiri upange mawazo. Abiria awe ameshajua namba ya behewa lake na amesimama karibu na litakapoishia. Asipojua litaishia wapi, asimame katikati ya jukwaa. Kutoka katikati, mwendo wa kufuata behewa ni nusu tu kwa upande wowote. Milango ikiwa karibu kufungwa, aingie behewa lolote la treni sahihi, kisha atembee ndani kutafuta siti yake.

Ukishakosea, utajuaje?

Dalili ya kwanza ni kituo kinachofuata. Kutoka Morogoro kuja Dar, vituo ni Ngerengere, Ruvu, Soga, Pugu, kisha Dar es Salaam. Ukisikia Mkata au Kilosa, unakwenda Dodoma. Ukiingia kwenye mahandaki ya milimani baada ya Kilosa, huna haja ya kuuliza tena. Mwone mhudumu wa behewa mapema, kwa sababu kila kituo kinachopita ni nauli na muda, na treni ya haraka inaweza isisimame kabisa kwenye vituo vidogo vilivyo karibu.

Hilo linamgusa pia mkazi wa Chamazi anayeona Pugu ni karibu kuliko mjini, akipitia Msongola na Chanika. Ni wazo zuri, ila Pugu ni kituo cha kupita. Si kila treni inasimama hapo, na tiketi iwe imeandikwa Pugu kabisa. Treni isiyosimama itapita mbele ya macho yako.

Mwendokasi ni hivyo hivyo

Kwenye mwendokasi mantiki haibadiliki. Kimara, Morocco, Kivukoni na Gerezani ni vituo vya mwisho. Vya katikati vimejengwa kati ya barabara, upande mmoja mabasi ya kwenda mjini, upande wa pili ya kutoka. Kuchagua upande ni rahisi. Ugumu uko pale njia zinapogawanyika. Ukitokea Kimara ukafika Fire, basi la Kivukoni na la Gerezani yanasimama upande ule ule, yote yanakwenda mjini, lakini moja litakata kwenda Kariakoo. Ukitokea mjini, mchezo huo unarudi Magomeni Mapipa kati ya basi la Kimara na la Morocco. Hapo upande sahihi hautoshi, soma kibao cha mbele ya basi.

Na jina la kituo lisiaminiwe sana. Stesheni kuu ya SGR ya Nairobi, iliyoko Syokimau, huitwa kwa jina lenye maana ya mwisho wa reli, na ilipofunguliwa mwaka 2017 ilikuwa hivyo. Tangu 2019 reli imeendelea hadi Suswa. Jina limebaki lile lile, lakini anayepanda hapo sasa lazima aulize kwanza: inakwenda Mombasa au Suswa?