Mshuko wa Kitufe: Jinsi ya Kuupima Dukani

Kila kitufe cha kibodi, kikibonyezwa, huenda chini kidogo kabla ya kugota. Umbali huo, kuanzia pale kitufe kinapokaa hadi kinapogota, ndio ninaopendekeza tuuite mshuko wa kitufe. Wapo wanaosema "mwendo wa kitufe", lakini msomaji anayesikia mwendo huwaza kasi, na hapa hatupimi kasi. "Kina" nalo linakaribia, ila linaelezea shimo lililotulia, ilhali kitufe hushuka na kurudi. Mshuko unataja tendo na kipimo chake kwa pamoja.

Kwenye kompyuta mpakato nyingi mshuko ni kati ya milimita 1 na 1.5. Kibodi za mezani zenye swichi za mitambo hufika takriban milimita 4. Ukienda dukani kununua kompyuta mpakato iliyotumika, hakuna haja ya kubeba rula. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, hivyo kadi mbili zilizopandanishwa zinakupa karibu milimita 1.5. Bonyeza kitufe hadi kigote, kishikilie hapo, kisha tazama kwa ubavu kimezama kiasi gani chini ya jirani zake. Kikizama karibu unene wa kadi mbili, mshuko huo ni mzuri kwa mtu anayeandika kutwa. Kikizama kadi moja tu, vidole vitakuwa vinagonga sakafu ngumu kila herufi.

Hata hivyo, mshuko mrefu peke yake hautoshi. Chini ya kitufe cha kompyuta mpakato kwa kawaida kuna kikombe kidogo cha mpira. Kidole hukutana kwanza na ukinzani, kisha kikombe kinajikunja na kitufe kinadondoka. Herufi inapaswa kutokea kikombe kinapojikunja. Fungua Notepad, bonyeza herufi moja polepole sana, uangalie. Ikiwa kitufe kimegota na herufi haijatokea mpaka ukandamize zaidi, mpira umechoka au kuna uchafu. Ikitokea mara mbili kwa bonyezo moja, hiyo pia ni dalili ya ubovu. Jaribu vitufe vyote kwa namna hiyo, na vile virefu kama Enter, Shift na kitufe cha nafasi uvibonyeze kwenye pembe, kwa sababu ndiko vinakokwama.

Sasa mpangilio wa herufi. Mashine nyingi zilizotumika huja Afrika Mashariki kutoka Ulaya, na kila nchi ina mpangilio wake. Tuseme umepewa Kariakoo mashine iliyotoka Ujerumani, na muuzaji ameiwekea Windows yenye mpangilio wa Kimarekani. Andika maneno matatu huku ukifuata maandishi yaliyo juu ya vitufe: Zanzibar, nyanya, ng'ombe. Utapata hivi:

```
Yanyibar
nzanza
ng|ombe
```

Kibodi ya Kijerumani imebadilishana nafasi za Z na Y, na alama ya ritifaa imechapwa kando ya Enter, mahali ambapo mpangilio wa Kimarekani unaweka mstari wa wima. Kibodi ni nzima. Kinachogongana ni mpangilio na maandishi. Mwambie muuzaji achague mpangilio wa Kijerumani kwenye mipangilio ya lugha, uandike tena. Maneno yakitoka sawa, kilichobaki ni wewe kuamua kama utazoea. Mashine ya Kifaransa ni ngumu zaidi kwa mwandishi wa Kiswahili: A iko mahali pa Q, na A ndiyo herufi tunayoibonyeza kuliko zote.

Tachipadi ijaribu mara mbili, chaja ikiwa imechomolewa na ikiwa imechomekwa. Buruta kidole polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Kishale kikitulia bila chaja lakini kikarukaruka chaja inapoingia, mara nyingi kosa liko kwenye chaja au waya wa ardhi wa soketi. Omba chaja nyingine kabla ya kuilaumu tachipadi. Kisha bonyeza pembe mbili za chini. Ikiwa tachipadi imeinuka juu ya uso unaoizunguka, au imekuwa ngumu kubonyea, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto, kwa hiyo usiichukue mashine hiyo hata ukipunguziwa bei.

Kasoro nyingine zinazungumzika, lakini kila moja kwa uzito wake. Mpangilio hurekebishwa bure. Mpira uliochoka ni gharama, kwani kwenye mashine nyingi nyembamba kibodi imepigwa ribiti kwenye kifuniko, na fundi hulazimika kubadilisha kipande kizima. Muulize fundi bei ya kipande hicho, kisha uitoe katika bei unayotajiwa.