Kuotea na Kujenga Kibanda: Istilah na Kanuni katika Utangazaji wa Soka kwa Kiswahili

Miongoni mwa istilahi za soka zilizokita mizizi katika utangazaji wa Kiswahili, kuotea ndiyo inayozusha maswali mengi zaidi kwa mashabiki. Kitenzi hiki hakikubuniwa kwa ajili ya mpira. Mwindaji huotea mnyama kwa kujificha akimsubiri. Hivyo, msikilizaji anapoambiwa kuwa mshambuliaji ameotea, hupata mara moja picha ya mtu aliyevizia langoni. Msemo wa kujenga kibanda, unaopendwa na watangazaji, unaongeza mzaha juu ya picha hiyohiyo: mchezaji amehamia huko na hana haraka ya kurudi.

Picha hiyo inaafiki shabaha ya kale ya kanuni yenyewe, yaani kuzuia wachezaji kupiga kambi mbele ya lango. Mwaka 1866 Waingereza waliruhusu mchezaji kuwa mbele ya mpira iwapo wapinzani watatu wapo kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 idadi hiyo ilishushwa hadi wawili. Tangu 1990, aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hahesabiwi kuwa ameotea. Katika hatua zote hizo kinachopimwa ni mahali alipo mchezaji wakati mwenzake anapoucheza mpira, bila kujali iwapo alikusudia kuvizia. Hapo ndipo kitenzi na kanuni vinapoachana.

Kuna pia fasili ya mkato inayosikika mara kwa mara: kuotea ni kuwa nyuma ya beki wa mwisho. Upungufu wake ulidhihirika Johannesburg tarehe 11 Juni 2010, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia. Meksiko walipiga kona, kipa wa Afrika Kusini, Itumeleng Khune, akatoka langoni kuufuata mpira. Guillermo Franco aliugusa kwa kichwa, nao ukamfikia Carlos Vela, aliyeutia wavuni. Mshika kibendera akainua kibendera. Beki mmoja alikuwa amesimama karibu kabisa na mstari wa goli, na kwa fasili ya mkato bao lilikuwa halali. Swali la shabiki, “Ameoteaje na beki yupo golini?”, lilikuwa na mantiki kamili.

Jibu ni kwamba kanuni huhesabu wapinzani wawili, na haimtaji kipa. Kwa kawaida kipa ni mmoja wao, ndiyo maana fasili ya mkato hufaa katika mechi nyingi na kosa lake halionekani. Khune alipokuwa mbele ya Vela, alibaki mpinzani mmoja tu. Kona yenyewe haikumwokoa Vela: msamaha wa kona huhusu mpira unaopokewa moja kwa moja kutoka kwa mpigaji, na Franco alikuwa ameshaugusa.

Istilahi haihitaji kubadilishwa, kwani imekwisha kuzoeleka. Kinachohitaji marekebisho ni fasili inayoambatana nayo katika kamusi na miongozo ya watangazaji: mpinzani wa pili kutoka mwisho badala ya beki wa mwisho.