Kiolezo cha jibu la sheria

Kiolezo cha jibu la sheria ni muhtasari wa kifungu na kesi uliopangwa kwa hoja, kanuni, matumizi na hitimisho. Mfano ni kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Hoja huandikwa kama swali: je, mtoto anaweza kufunga mkataba? Kanuni huvunjwa kuwa masharti: umri wa utu uzima, akili timamu, kutozuiwa na sheria. Kesi ya Mohori Bibee ya 1903, iliyotoka India, huongezwa kwa sentensi moja: rehani iliyowekwa na mtoto ni batili. Matumizi huachwa wazi, yakisubiri ukweli wa swali. Tuseme swali linasema: Juma, miaka 17, amenunua pikipiki kwa mkopo. Sharti la umri halikutimia, kwa hiyo mkataba ni batili. Lakini angepewa chakula, muuzaji angeweza kulipwa kutoka mali ya Juma, kwa kuwa chakula ni hitaji la lazima. Kosa kubwa ni kurudia kanuni mahali pa matumizi. Sentensi ya matumizi isiyotaja ukweli wowote wa swali ifutwe.