Aliyeona na aliyesimuliwa: kupima vyanzo vya historia

Mpwa wangu anasoma bweni huko Wote, Makueni. Likizo iliyopita aliniletea karatasi yake ya historia huku amenuna. Swali lilikuwa na vifungu viwili, likauliza kipi kinaaminika zaidi. Yeye alijibu kwa sentensi moja tu: cha kwanza, kwa sababu ni chanzo cha msingi. Akapata alama moja kati ya sita. Nikamwambia hata hiyo moja amehurumiwa.

Chanzo cha msingi ni kilichotokana na wakati wenyewe wa tukio: barua, shajara, picha, hati ya shamba, kauli ya aliyekuwapo. Chanzo cha upili ni kazi ya mtu aliyekuja kukusanya hayo na kuyaeleza. Tofauti hiyo yakwambia mwandishi alisimama wapi. Haikwambii kama asema kweli.

Nikampa mfano wa huko huko Ukambani. Mwaka 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alipita Kikumbulyu, ambayo leo iko Makueni, hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilikuwa ikishuka huku kwetu pwani. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya, akaandika kwamba kileleni mna kitu cheupe. Aliamini ni theluji.

London, mwanajiografia William Desborough Cooley akapinga. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Mwaka 1852 akatoa kitabu juu ya bara la ndani la Afrika, naye hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Kitabu chake ni chanzo cha upili kuhusu mlima huo. Lakini swali likibadilika, likawa wasomi wa Ulaya waliifikiriaje Afrika wakati ule, kitabu hicho hicho chageuka chanzo cha msingi. Ndiyo maana huwezi kukipa chanzo jina kabla hujalisoma swali.

Sasa tumpime Krapf. Alikuwapo, na huyo ni mtu aliyekulia kusini mwa Ujerumani, theluji aijua. Hiyo ni nguvu. Udhaifu ni kwamba alikuwa mbali, kiasi cha kilomita 150, na Kivoi alikuwa amekwisha kumwambia habari za mlima mweupe, kwa hivyo jicho lake lilitangulia kutarajia. Kinachoamua ni ushahidi wa wengine wasiomtegemea yeye: wasafiri waliofika karibu baadaye, akiwamo Joseph Thomson mwaka 1883, walithibitisha. Cooley alikuwa na elimu, lakini alichokiegemea ni nadharia yake.

Mtu akiishia hapo atadhani Krapf ni wa kuaminiwa katika kila neno. Hapana. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Wakavamiwa na majambazi njiani, Kivoi akauawa, Krapf akaponea chupuchupu na kurudi pwani akiwa amedhoofika kwa njaa na kiu. Jamaa za Kivoi walimlaumu yeye kwa kifo hicho. Haya yote twayapata kwake mwenyewe, na hapa ana jambo la kujitetea: ni mtuhumiwa anayesimulia kesi yake, tena mpango wake wa kituo cha misheni Ukambani ulikuwa umevunjika na waliomtuma walitaka kujua kwa nini. Kisha kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza 1860, miaka kadhaa baada ya safari. Aliyoandika njiani na aliyoyapanga upya kwa wasomaji wa Ulaya yasichukuliwe kuwa kitu kimoja.

Upendeleo huo haufanyi maelezo yake yawe ya kutupwa. Akisema lawama ilikuwapo, namwamini zaidi, kwani ni jambo lisilompamba. Akisema hakuwa na kosa, nangoja shahidi wa pili. Na hata maneno yanayopendelea upande yanafaa sana ukiulizwa mwandishi alitaka aonekane vipi.

Jibu la mpwa wangu lilipaswa kwenda hivyo: nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani, angeweza kuona nini, kisha neno mahsusi ndani ya kifungu linaloonyesha anakoegemea, na mwisho kifungu kingine kinakubali au kinakataa. Wanafunzi wengi huandika "ana upendeleo" wakaweka nukta. Mtahini anataka uonyeshe upendeleo huo umegusa dai lipi, na dai lipi umeliacha salama.

Aliandika upya, kisha akaniuliza, "Na Kivoi mwenyewe, mjomba, yeye aliandika nini?"

Hakuacha hata ukurasa. Upande wake umebaki katika masimulizi ya Wakamba yaliyopokezanwa mdomo kwa mdomo, nayo yana maswali yake: nani alimsimulia nani, na ukoo gani ulipata sifa kwa kusimulia hivyo.