Kodi Isiyopitishwa Bungeni: Zaire na Noti ya Milioni Tano

Mwishoni mwa Januari 1993, askari wa Kinshasa walilipwa mishahara kwa noti mpya ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Etienne Tshisekedi alikuwa amekwisha kuitangaza noti hiyo kuwa si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliojikuta na mshahara usionunua kitu waliingia mitaani wakapora. Katika ghasia hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi.

Tukio hilo husimuliwa kama ugomvi kati ya Tshisekedi na Rais Mobutu, na ugomvi huo ulikuwapo. Lakini chini yake kulikuwa na swali la kihasibu: serikali isiyo na mapato hulipa watumishi wake kwa nini?

Zaire iliishi kwa shaba ya Gecamines. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilizalisha zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka huohuo wa 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ilisitisha misaada yake. Mapato yakakauka, matumizi hayakupungua, na pengo likazibwa na Benki Kuu kwa noti mpya.

Noti hugharimu kidogo kuchapa kuliko thamani iliyoandikwa juu yake, na tofauti hiyo ni pato la serikali. Anayelipa pato hilo ni kila mwenye fedha mkononi, kwa kuwa noti mpya zinapofuata bidhaa zilezile, noti za zamani hupungua thamani. Ndiyo maana wachumi huiita kodi ya mfumuko wa bei. Mwenye dola, nyumba au ng'ombe huikwepa. Mwalimu na mchuuzi wa sokoni hawana pa kuikwepea.

Kodi hii ina udhaifu unaoiua. Tuseme noti zote zilizo mikononi mwa watu zina thamani ya magunia 100 ya mahindi, na serikali inahitaji magunia 20 kila mwezi. Kwa kukadiria tu, itaongeza noti kwa asilimia 20. Watu wakishaona bei zinapanda, hawakai tena na noti: wanazigeuza haraka kuwa bidhaa au dola. Thamani ya noti zote ikishuka hadi magunia 20, serikali italazimika kuongeza noti kwa asilimia 100 ili ipate magunia yaleyale. Ikishuka hadi 10, asilimia 200. Kadiri inavyochapa ndivyo watu wanavyokimbia, na kadiri wanavyokimbia ndivyo inavyozidi kuchapa. Wakati huohuo kodi za kawaida, zinazokadiriwa leo na kulipwa miezi kadhaa baadaye, hufika hazina zikiwa hazina thamani, na pengo huongezeka.

Oktoba 1993 Mobutu alileta zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani, na takriban tatu kwa dola moja. Sufuri zilifutwa, lakini pengo la bajeti lilibaki palepale. Mwezi uliofuata bei zilipanda kwa asilimia 250 hivi, yaani kilichouzwa 100 kikawa 350. Fedha hiyo ilipoondolewa mwaka 1998, faranga moja mpya ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000.

Lenye kufundisha zaidi lilitokea Kasai, alikotoka Tshisekedi. Watu wa huko waliikataa zaire mpya, wakaendelea kutumia noti kuukuu, zilizochakaa, ambazo serikali ilikuwa imezifuta. Noti hizo zilihifadhi thamani vizuri kuliko fedha rasmi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuziongeza. Nchi ilikuwa moja na rais mmoja. Kasai haikusalimika na umaskini, maana noti kuukuu hazirudishi shaba wala misaada, lakini iliikwepa kodi ya mtambo wa kuchapia.

Hatari haionekani kwanza katika takwimu za mwaka, ambazo huchelewa. Huonekana pale kodi ya nyumba inapotajwa kwa dola, mfanyakazi anapokimbilia sokoni siku ileile ya mshahara, na Benki Kuu inapoikopesha Hazina kila mwezi mikopo isiyorudishwa. Dalili hiyo ya tatu ndiyo chanzo cha zile mbili, na ndiyo ambayo mtumishi wa Hazina anaweza kuiona mapema kuliko raia yeyote. Kodi ya kawaida hujadiliwa bungeni kabla ya kutozwa. Hii hutozwa kwanza, na katika Kinshasa ya 1993 mjadala wake uliendeshwa kwa bunduki.